Usiandike madesa kabla hujazikunja pasti pepa zako

*"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya ualimu mwaka wa pili hapa Tabora. Mtihani wa Saikolojia ya Elimu ni baada ya wiki tatu na noti ni nyingi mno. Nimekutumia picha za pasti pepa sita (2018, 2019, na 2021 hadi 2024) pamoja na autilaini mbili za kozi, ya 2019 na ya mwaka huu. Kikundi chetu kimehesabu kikaona mada nne ndizo zinazotoka sana: ujifunzaji, ukuaji wa mtoto, motisha na akili. Ya tano tumeweka usimamizi wa darasa, maana haijatoka miaka mitatu na wenzangu wanasema mwaka huu ndiyo zamu yake. Nianze kuandika madesa ya hizo tano, nyingine niziache? Au kutabiri mtihani ni kujidanganya tu?"*

Marahaba mwanangu. Kutabiri si kujidanganya. Ila hesabu yenu imewatia walimu wawili kwenye chungu kimoja, na hapo ndipo ilipopotoka.

Nimekaa na picha zako jioni mbili. Nilichukua karatasi ya kaunta buku nikaipiga mistari: mada tisa za autilaini zikashuka upande wa kushoto, miaka sita ikapita juu. Kila swali la insha, yaani la Sehemu B, nikaliwekea alama kwenye chumba chake. Maswali yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza. Hapa nitayasema kwa Kiswahili. Pepa sita zenye insha tano tano zinatoa maswali 30, na mkihesabu kwa jumla mko sahihi: ujifunzaji mara 6, ukuaji mara 5, motisha mara 5, akili mara 4. Usimamizi wa darasa mara 3 na kumbukumbu mara 3. Tofauti za wanafunzi mara 2, haiba mara 2, na utangulizi haujatoka kabisa.

Sasa ikunje karatasi hiyo katikati, baina ya 2021 na 2022.

Upande wa kushoto, pepa zote tatu zina mada zilezile tano: ujifunzaji, ukuaji, motisha, akili, usimamizi wa darasa. Hakuna nyingine. Upande wa kulia mambo ni mengine kabisa. Mwaka 2022 zilitoka ujifunzaji, ukuaji, motisha, kumbukumbu na tofauti za wanafunzi. Mwaka 2023 zikatoka ujifunzaji, kumbukumbu, motisha, haiba na akili. Mwaka 2024 zikawa ujifunzaji, ukuaji, kumbukumbu, tofauti za wanafunzi na haiba. Kumbukumbu, ambayo ninyi mmeitupa kwa sababu ina alama 3 tu kati ya 6, imetoka kila mwaka tangu 2022. Akili, ambayo mmeipa heshima kwa alama zake 4, upande huu imetoka mara moja tu.

Sababu iko kwenye ukurasa wa kwanza wa autilaini zako. Jina la mhadhiri limebadilika. Na hakubadilika mtu peke yake. Kwenye autilaini ya 2019 usimamizi wa darasa ulikuwa na wiki mbili, na kumbukumbu ilikuwa kipengele kidogo ndani ya ujifunzaji. Kwenye ya mwaka huu kumbukumbu ni mada inayojitegemea yenye wiki mbili, na usimamizi wa darasa umebaki mstari mmoja wiki ya mwisho. Kwa hiyo hiyo zamu mnayoingoja haipo. Mada haijatoka miaka mitatu kwa kuwa mwalimu wenu wa sasa haifundishi kwa uzito wa kutungia insha.

Mara nyingi pasti pepa za kwenye steshenari hazina jina la mtunzi, na fotokopi imekata hata pembe yenye mwaka. Mabadiliko utayaona kwenye sentensi. Pepa zako tatu za mwanzo zinasema "eleza", "taja na fafanua", "nini maana ya". Tatu za mwisho zinaanza na kisa: mwalimu fulani, darasa fulani, tatizo fulani, halafu "kwa kutumia nadharia mbili, jadili". Ukiona kalamu imebadilika hivyo, piga mstari, na pepa zilizo kabla ya mstari huo zipe uzito mdogo. Usizitupe, maana zinakuonyesha mada ambazo mhadhiri yeyote wa somo hili lazima aziguse. Ujifunzaji umevuka mstari bila kukosa hata mara moja, na hilo lina maana.

Nikuambie pia jinsi mtunzi anavyokaa mezani, kwa sababu wanafunzi wengi wanadhani tunatunga kwa kuangalia pepa za zamani na kuzungusha zamu. Mimi nilipokuwa natunga nilianza na autilaini. Natazama malengo ya kila mada na saa ilizofundishwa, nagawa maswali kwa uzito huo, kisha naandika. Pepa ya mwaka uliopita naifungua mwishoni, na ninaifungua ili nisirudie sentensi ileile, si ili nikwepe mada. Baadaye pepa inapita kwa wahakiki, na moja ya maswali yao ni kama mtihani umegusa yale yaliyoandikwa kwenye autilaini. Kwa hiyo mada yenye wiki tatu za kufundishwa itarudi hata kama ilitoka mwaka jana, ila itarudi imevaa nguo nyingine.

Hili nililijifunza kwa uchungu. Nikiwa mwanafunzi, kwenye chuo ambacho sitakitaja, niliacha mada moja nzima kwa sababu mwaka uliotangulia ilikuwa imetoka, tena kwa alama nyingi. Ikaja tena, safari hii ikiwa swali la lazima. Nilirudi chuoni likizo kufanya sapu huku wenzangu wakiwa nyumbani kwao. Hadi leo mtu akiniambia "hiyo imeshatoka, hairudi", namwomba aniletee autilaini kwanza.

Kabla hujaamini utabiri wowote, ujaribu kwenye mtihani ambao umeshapita. Hii ndiyo hatua ambayo sijaona kikundi kinaifanya, na inachukua nusu saa. Chukua pepa ya 2024, mpe mwenzako aifiche. Ninyi tabirini kwa kutumia zilizotangulia tu, kana kwamba mtihani wa 2024 ni kesho. Kisha ifungueni. Nimeijaribu orodha yenu ya mada tano kwa njia hiyo: kwenye maswali matano ya 2024 mngekuta mawili tu mliyosoma, ujifunzaji na ukuaji. Sehemu B inadai insha tatu, kila moja alama 15 kati ya 60 za pepa nzima. Insha ya tatu mngeiandika kwa kubahatisha, na hiyo ni robo ya mtihani. Kisha chukua orodha iliyojengwa kwa pepa mbili tu za mhadhiri huyu, 2022 na 2023, pamoja na autilaini yake: ujifunzaji, kumbukumbu, motisha, ukuaji na tofauti za wanafunzi. Hiyo ingekupa maswali manne kati ya matano. Si kamili, kwa kuwa haiba ilikuponyoka, lakini ungekuwa na insha zako tatu na moja ya akiba.

Hapo kuna jambo jingine. Swali si mada zipi zitatoka tu. Ni mada ngapi unaweza kuziacha bila kuumia. Hilo huhitaji kulitabiri, linahesabika kutokana na maelekezo ya pepa yenyewe. Maswali yatakuwa matano, utajibu matatu. Ukiacha mada mbili, hata mkosi ukiwa mkubwa kiasi gani na zote mbili zikatoka, bado yatabaki maswali matatu unayoyajua. Ukiacha tatu, mkosi unaweza kukuachia mawili. Toa idadi ya maswali unayotakiwa kujibu kwenye idadi ya maswali yaliyowekwa, na kinachobaki ndicho idadi ya mada unazoweza kuacha kwa usalama. Kwenu ni mbili.

Zaidi ya hapo unacheza bahati nasibu, na bahati nasibu nayo ina hesabu yake. Tuseme mhadhiri achague mada tano kati ya tisa kwa kuokota vikaratasi kwenye kofia. Aliyesoma mada nne atapata angalau insha tatu mara 36 hivi kati ya 100. Aliyesoma tano, mara 64. Aliyesoma sita, mara 88. Aliyesoma saba, mara zote. Mhadhiri haokoti vikaratasi, na pasti pepa zinakusaidia kuisogeza bahati upande wako, lakini tazama jinsi mada moja inavyobadilisha mambo. Kutoka tano kwenda sita ni siku mbili za kusoma, na hatari yako inashuka kutoka 36 hadi 12 kati ya 100.

Usalama huo una masharti mawili. La kwanza, mada moja isitoe maswali mawili. Kwenye pepa zako sita haijatokea, lakini ujifunzaji una wiki tatu na unaweza kugawanywa, Pavlov na Skinner huku, Bandura kule. La pili, pasiwe na swali la lazima ndani ya Sehemu B. Likiwepo, mada uliyoiacha inaweza kuwa ndiyo hiyo, kama ilivyonikuta mimi.

Kwa hali yako basi, mada mbili za kuacha zinajichagua zenyewe: utangulizi, ambao haujawahi kutungiwa insha, na usimamizi wa darasa. Kuziacha maana yake ni kutoziandikia madesa. Zisome mara moja kwa ajili ya maswali mafupi ya Sehemu A, ambayo yanaokota istilahi kutoka popote. Saba zilizobaki zote uzishike, ila si kwa kina kimoja. Ujifunzaji na kumbukumbu zipe siku nyingi zaidi. Ukuaji, motisha na tofauti za wanafunzi zifuate. Kila moja imetoka mara mbili katika tatu na kila moja ina wiki mbili kwenye autilaini. Haiba na akili zina wiki moja moja, zipe ukurasa mmoja mmoja. Haiba imetoka miaka miwili mfululizo, kwa hiyo ukibanwa na muda punguza kwenye akili kwanza.

Nimekuwa mwangalifu kusema "mara mbili katika tatu" kwa sababu pepa tatu ni chache. Mtu aliyetazama mawingu siku tatu hawezi kuapa kuhusu masika yote. Ndiyo maana kila mada naipima kwa mizani mbili pamoja, pepa na saa za kufundishwa. Zikikubaliana, kama kwenye kumbukumbu, naenda bila wasiwasi. Zikipingana, nafuata autilaini, kwa kuwa hiyo ni ya mwaka huu na pepa ni za miaka iliyopita.

Baada ya kuchagua mada bado hujawa tayari kuandika madesa. "Kumbukumbu" ni neno moja lenye kurasa arobaini za noti. Chukua maswali yake matatu uyaweke sambamba. La 2022 linauliza kwa nini wanafunzi husahau walichofundishwa na mwalimu afanye nini. La 2023 linataka upange ratiba ya marudio ya darasa kwa muhula mmoja na uitetee kwa nadharia. La 2024 linaleta mwanafunzi aliyekesha usiku wa kuamkia mtihani, akajibu vizuri asubuhi, na wiki mbili baadaye hakumbuki kitu. Visa vitatu tofauti, lakini ukivivua nguo zao unakuta maswali mawili tu: kusahau kunatokeaje, na mwalimu anafanya nini kuhusu hilo. Hakuna hata mmoja aliyeulizwa kutaja aina za kumbukumbu na kuishia hapo, ilhali nimeona kwenye picha zako kwamba kurasa nne za kwanza za noti zako ni hizo tu.

Kwa hiyo madesa ya kumbukumbu yawe upande mmoja wa karatasi. Juu, safari ya taarifa: inaingia kupitia hisi, inashikwa kwa muda mfupi, inahifadhiwa, inatafutwa inapohitajika, na kwenye kila hatua andika namna inavyoweza kupotea. Katikati weka Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885. Unachohitaji kwake ni umbo la mchoro wake: kusahau ni kwa kasi sana mwanzoni, kisha kunapungua. Mchoro huo unajibu swali la 2022, unaitetea ratiba ya 2023 yenye marudio ya siku ya pili, ya wiki na ya mwezi, na unaeleza kwa nini mkeshaji wa 2024 alikumbuka asubuhi tu. Weka pia mwingiliano, ambapo jambo jipya linalofanana na la zamani linavuruga lile la zamani, au la zamani linazuia jipya. Chini ya karatasi andika visa viwili kutoka kwenye mafunzo yako ya vitendo, darasa halisi ulilosimama mbele yake. Mhadhiri anayetunga kwa visa anatoa alama kwa visa.

Uandishi wenyewe uanze kwa kufunga noti. Soma swali la 2022, andika kwa dakika kumi unachokumbuka, kisha fungua noti ujaze mapengo kwa kalamu ya rangi nyingine. Yale ya rangi ya pili ndiyo yanayostahili kuingia kwenye madesa. Mengine tayari unayo kichwani. Ukianza kwa kunakili kutoka kwenye noti, utatoka na noti zilezile kwa mwandiko mzuri zaidi, na siku tatu zimekwisha. Kazi yote ya jedwali, kukunja na kujaribu 2024 isizidi siku moja na nusu, nanyi mko kundi, kila mtu achukue pepa mbili. Wengine wanaendelea kupanga jedwali chini ya mwembe hadi wiki ya mtihani kwa sababu kupanga hakuumi kama kusoma.

Kuna mtu atakuja kwenye vimbweta vyenu na karatasi anayosema ni pepa yenyewe ya mwaka huu, atataka mchange hela. Msimpe. Kama ni ya uongo mmeliwa, na kama ni ya kweli mmeingia kwenye kosa linaloweza kuwafukuzisha chuo. Pasti pepa ni mitihani iliyokwisha kufanyika. Hiyo nyingine ni wizi, na haina uhusiano wowote na kutabiri.

Mambo mawili siwezi kuyajua kutoka huku, na yanaweza kubadilisha yote niliyokuambia. Nenda ofisini kwa mhadhiri wako wiki hii, wewe au mwakilishi wa darasa, mkiwa na autilaini mkononi. Usimuulize nini kitatoka. Hatakuambia, na hapaswi. Muulize kama muundo wa pepa ni uleule wa 2024, maswali matano ujibu matatu, na kama Sehemu B itakuwa na swali la lazima. Hilo ni swali halali, na wengi wetu tunalijibu bila kinyongo. Akisema mwaka huu ni maswali manne ujibu matatu, basi nafasi yako ya kuacha mada inabaki moja, na usimamizi wa darasa unarudi mezani. Muulize pia kuhusu mada ambayo haikufundishwa ikaisha. Akisema "hiyo mtaisoma wenyewe", ihesabu kama imefundishwa.

Na kama alama zako za testi na kazi za muhula ziko chini sana, au umeanza kukosa usingizi na noti ukizifungua huoni kitu, usisubiri mtihani upite. Mpelekee mhadhiri karatasi yako ya testi akuonyeshe ulipoangukia, na kama ni usingizi nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Mtu asiyeelewa ujifunzaji wenyewe hasaidiwi na jedwali langu; anahitaji mtu wa kukaa naye na swali moja hadi lieleweke.

Ukishapata jibu la muundo wa pepa, nitumie pamoja na ukurasa wako wa kumbukumbu. Nitausoma.